Mstari mnene kila kundi linapobadilika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu umbizo la masharti

Orodha ndefu iliyopangwa kwa kundi husomeka vizuri pale jicho linapoona kundi moja limeishia wapi na jingine limeanzia wapi. Kuchora mistari hiyo kwa mkono kunachosha, na ukipanga orodha upya mistari hubaki palepale huku data imehama. Umbizo la masharti, yaani kanuni inayoumbiza seli pale fomula yake inapokuwa kweli, huichora mistari hiyo lenyewe. Majibu yaliyo hapa yanahusu zaidi Excel, kwa kuwa ndiko swali la unene wa mstari linakowasumbua watu. LibreOffice Calc na Google Sheets zimepewa nafasi yake mwishoni.

Mfano wote unatumia orodha moja. Kichwa kiko safumlalo ya 1: safuwima A ni Tarehe, B ni Idara, C ni Kifaa, D ni Idadi. Data inaanzia safumlalo ya 2 hadi ya 12, imepangwa kwa Idara: Maabara kuanzia 2 hadi 5, Maktaba kuanzia 6 hadi 8, Ofisi kuanzia 9 hadi 12.

Fomula yenyewe ni ipi?

```
=$B2<>$B1
```

Maana yake: je, idara ya safumlalo hii ni tofauti na ya safumlalo iliyo juu yake? Ikiwa ndiyo, chora mstari kwenye ukingo wa juu.

Hatua zake ni hizi. Chagua A2 hadi D12 kwa kuanzia A2 na kuburuta kwenda chini. Fungua Home > Conditional Formatting > New Rule, kisha chagua Use a formula to determine which cells to format. Andika fomula, bofya Format, nenda kichupo cha Border, chagua aina ya mstari na rangi yake kwanza, halafu ndipo ubofye ukingo wa juu kwenye mchoro mdogo. Ukibofya ukingo kabla ya kuchagua rangi, utapata mstari wa rangi ya awali na itabidi ubofye tena.

Kwenye mfano wetu, fomula inakuwa kweli katika safumlalo za 2, 6 na 9. Ya 2 inapata mstari kwa sababu "Maabara" si sawa na neno "Idara" la kwenye kichwa. Mimi huuacha mstari huo, kwa kuwa unatenganisha kichwa na data. Usipoutaka, anzisha eneo la kanuni kwenye A3 na fomula iwe `=$B3<>$B2`.

Kwa nini alama ya dola iko mbele ya B tu, na si mbele ya namba?

Fomula unayoandika ni ya seli ya kwanza tu. Excel huisogeza kwa kila seli nyingine iliyomo kwenye eneo, kama vile unavyonakili fomula ya kawaida. Dola iliyo mbele ya B inazuia kusogea kulia, ili seli za A, C na D nazo ziangalie safuwima ya Idara. Namba haina dola kwa sababu tunataka isogee chini: safumlalo ya 6 ilinganishe B6 na B5, ya 7 ilinganishe B7 na B6.

Ukisahau dola, kila safuwima itajilinganisha na yenyewe. Utaitambua hitilafu hii mara moja, maana mistari inakuwa vipandevipande: kwenye Tarehe mstari uko karibu kila mahali, kwenye Idara uko sahihi, na kwenye Idadi unajitokeza bila mpango.

Nimefuata hatua zote, lakini mstari unakaa safumlalo moja juu zaidi. Kwa nini?

Kwa sababu fomula na mwanzo wa eneo havilingani. Mara nyingi mtu amechagua safuwima nzima, kwa hiyo eneo limeanzia A1, lakini ameandika fomula ya safumlalo ya 2. Hapo safumlalo ya 5 inalinganisha B6 na B5, inakuta ni tofauti, na inachora mstari juu yake yenyewe. Dalili ni kwamba kifaa cha mwisho cha kila kundi kinaonekana kama cha kwanza cha kundi linalofuata.

Kuna sura nyingine ya kosa hilohilo, nayo hushangaza zaidi. Ukichagua eneo kwa kuburuta kutoka chini kwenda juu, seli iliyo hai ni ile ya chini, A12. Excel huichukulia fomula yako kuwa ni ya A12, kisha inahesabu kurudi nyuma kwa seli za juu. Ikipita safumlalo ya kwanza, inazunguka hadi chini kabisa ya karatasi. Ukifungua Manage Rules baadaye ukakuta fomula yenye namba kama `$B1048568`, usiihangaikie wala usijaribu kuirekebisha tarakimu kwa tarakimu. Futa kanuni hiyo, chagua eneo kuanzia juu, uiandike upya.

Mbona kwenye kichupo cha Border sioni mstari mnene?

Kwa sababu haupo. Ndani ya umbizo la masharti, Excel inatoa mistari myembamba tu: ya moja kwa moja, ya nukta na ya vipande. Ile minene na ya unene wa kati unayoiona ukiumbiza seli kwa njia ya kawaida haimo kwenye dirisha hili. Hujakosea popote, na hakuna mpangilio uliofichwa wa kuiwasha.

Kwa orodha nyingi ningeshauri usipigane na kikwazo hiki. Jicho linaona tofauti baina ya mistari, na unene ni njia mojawapo tu ya kuipata tofauti hiyo. Zima mistari ya gridi kwa View > Gridlines, usiweke mipaka mingine ndani ya orodha, kisha kanuni yako ichore mstari mwembamba mweusi. Ukiwa peke yake kwenye ukurasa mweupe, mstari huo unatosha kabisa hata kwenye karatasi iliyochapishwa. Kama lazima kila safumlalo iwe na mstari wake, ipe ya kawaida rangi ya kijivu hafifu na ile ya makundi iwe nyeusi.

Nahitaji unene hasa. Je, hakuna njia isiyo ya makro?

Ipo, nayo ni kugeuza kazi kichwa chini. Badala ya kuiambia kanuni iweke mstari mnene panapobadilika, weka mstari mnene kila mahali kwa mkono, halafu kanuni iufunike kwa mwembamba pale ambapo kundi halijabadilika. Umbizo la masharti haliwezi kuleta unene, lakini linaweza kufunika unene uliokwisha kuwekwa.

Safari hii tunatumia ukingo wa chini. Chagua A2 hadi D2 pekee, weka mpaka mnene wa chini kupitia kitufe cha mipaka cha Home, kisha tumia Format Painter kuusambaza hadi safumlalo ya 12. Sasa kila safumlalo ina mstari mnene chini yake na orodha inatisha kuitazama. Chagua tena A2 hadi D12, tengeneza kanuni yenye fomula hii:

```
=$B2=$B3
```

Kwenye Border, chagua mstari mwembamba wa kijivu hafifu na uweke ukingo wa chini. Kanuni itakuwa kweli kwenye safumlalo 2, 3, 4, kisha 6 na 7, kisha 9, 10 na 11. Hizo zote zinapata mstari wa kijivu. Zinazobaki na mstari mnene ni 5, 8 na 12, yaani mwisho wa Maabara, wa Maktaba na wa Ofisi. Kundi la mwisho nalo linafungwa vizuri, kwa sababu B13 ni tupu na haifanani na "Ofisi".

Sababu ya kuanza na safumlalo moja ni hii: ukingo wa chini wa safumlalo ya 4 na ukingo wa juu wa safumlalo ya 5 vinakaa mahali pamoja kwenye kioo, lakini Excel inaweza kuvihifadhi kama vitu viwili, kimoja kwa kila seli. Ukiweka mistari ya ndani kwa eneo zima kwa mkupuo, safumlalo ya 5 inaweza kubeba mstari mnene wa juu ambao kanuni yako haiugusi. Dalili yake ni kwamba kanuni imekubali, mfano wake kwenye dirisha uko sahihi, lakini mstari mnene haung'oki. Ikitokea hivyo, chagua orodha, ondoa mipaka yote kwa No Border, uanze tena na safumlalo moja.

Ukipanga upya orodha, njia hii haiharibiki. Kila safumlalo ina mpaka uleule wa mkono, kwa hiyo hakuna kinachobadilika isipokuwa majibu ya fomula.

Kundi moja limekatwa katikati ingawa jina ni lilelile. Tatizo ni nini?

Kwa macho yako ni lilelile, kwa Excel si lilelile. Mara nyingi kuna nafasi tupu mwishoni mwa neno. "Maktaba" na "Maktaba" yenye nafasi nyuma yake ni maandishi mawili tofauti, na kwa kuwa orodha imepangwa, zile zenye nafasi hujikusanya pamoja chini ya zisizo nayo. Ndiyo maana unaona mstari mmoja tu katikati ya kundi, kama vile limegawanyika makundi mawili safi.

Hesabu herufi ili kuthibitisha. Tuseme mstari umejitokeza juu ya safumlalo ya 8: andika `=LEN(B7)` na `=LEN(B8)` kwenye seli tupu mbili. Ukipata 7 na 8, umempata mwizi. Unaweza kuifanya kanuni ivumilie:

```
=TRIM($B2)<>TRIM($B1)
```

Hata hivyo, ni bora kusafisha data yenyewe, kwa maana nafasi hiyo itakuharibia pia jumla na vichujio. Na kama data imenakiliwa kutoka ukurasa wa wavuti, nafasi inaweza kuwa ile isiyovunjika, ambayo TRIM haiioni. Hiyo unaiondoa kwa `=SUBSTITUTE(B8,CHAR(160)," ")` kisha TRIM juu yake.

Kisa cha pili ni namba za makundi. 101 iliyoingizwa kama namba si sawa na 101 iliyoingizwa kama maandishi, na mstari utakaa kati yao. Tazama upande zilipolalia: kwa kawaida namba hulala kulia na maandishi hulala kushoto.

Herufi kubwa na ndogo hazileti shida hiyo. Alama ya `=` kwenye Excel huona "maabara" na "Maabara" kuwa kitu kimoja. Ukitaka zitenganishwe, tumia `=NOT(EXACT($B2,$B1))`.

Nikichuja orodha, baadhi ya mistari inapotea. Nifanyeje?

Mstari ni wa safumlalo fulani, na safumlalo hiyo ikifichwa mstari unafichwa nayo. Tuseme umechuja Kifaa ukabaki na kompyuta tu, na safumlalo ya 6, ambayo ndiyo ya kwanza ya Maktaba, ilikuwa ya printa. Maktaba sasa inaanzia safumlalo ya 7, lakini fomula bado inalinganisha B7 na B6 iliyofichwa, inakuta zinafanana, basi haichori kitu. Umbizo la masharti halijui kilichofichwa mpaka ulifundishe.

Njia ninayoiamini inatumia safuwima saidizi. Kwenye F2 andika fomula hii na uinakili hadi F12:

```
=AGGREGATE(3,5,$B2)
```

Hiyo inatoa 1 safumlalo ikionekana na 0 ikifichwa. Namba 3 inamaanisha hesabu seli zisizo tupu, na 5 inamaanisha puuza safumlalo zilizofichwa. Halafu kanuni ya umbizo inakuwa:

```
=COUNTIFS($B$2:$B2,$B2,$F$2:$F2,1)=1
```

Yaani: tangu juu hadi hapa, hii ndiyo safumlalo ya kwanza inayoonekana ya kundi hili? Kanuni hii huchora ukingo wa juu, kwa mstari mwembamba.

Wengi hutumia `SUBTOTAL(103,B2)` mahali pa AGGREGATE. Hesabu yake ni sahihi, lakini Excel ina tabia ya kuidhania safumlalo ya mwisho yenye SUBTOTAL kuwa ni ya jumla, ikaiacha nje ya kichujio. Unachuja, na safumlalo ya mwisho inabaki inakutazama. AGGREGATE, iliyokuja na Excel 2010, haina tatizo hilo.

Kanuni hii ina gharama: kila safumlalo inahesabu upya tangu juu. Kwa mamia ya safumlalo hutaona tofauti, lakini kwa makumi ya maelfu kusogeza ukurasa kutakuwa kuzito.

Ninapanga kwa tarehe na nataka mstari kila mwezi unapobadilika. Inawezekana?

Inawezekana, ila usilinganishe tarehe yenyewe, maana utapata mstari kila siku. Linganisha mwaka na mwezi kwa pamoja:

```
=TEXT($A2,"yyyymm")<>TEXT($A1,"yyyymm")
```

Wengine huandika `=MONTH($A2)<>MONTH($A1)`. Ina kasoro mbili. Kwanza, Machi ya mwaka mmoja ikifuatwa moja kwa moja na Machi ya mwaka unaofuata, haitaona mabadiliko. Pili, kwenye safumlalo ya 2 inajaribu kutafuta mwezi ndani ya neno "Tarehe", inapata hitilafu, na umbizo la masharti huchukulia hitilafu kuwa si kweli. Ndiyo maana mstari wa chini ya kichwa haupo. TEXT haisumbuliwi na hilo, kwani neno huliacha lilivyo.

Jina la kundi limeandikwa mara moja tu, na seli zilizo chini yake ni tupu. Fomula inachora mistari miwili.

Ndivyo itakavyofanya: kutoka "Maabara" kwenda tupu ni badiliko, na kutoka tupu kwenda "Maktaba" ni badiliko jingine. Kwa orodha ya namna hiyo fomula ni fupi zaidi, `=$B2<>""`. Lakini orodha hiyo huwezi kuipanga upya bila kuivuruga, kwa hiyo ningejaza majina yote kwanza.

Je, nikiongeza safumlalo mpya, kanuni itazifuata?

Ukiwa umeigeuza orodha kuwa jedwali rasmi kwa Ctrl+T, eneo la kanuni hukua pamoja na jedwali. Usipotaka jedwali, litandaze eneo la kanuni mapema, kwa mfano hadi safumlalo ya 500. Seli tupu ni sawa na seli tupu, kwa hiyo hakuna mstari utakaochorwa huko chini, isipokuwa mmoja tu mahali data inapoishia, ambao ndio hasa unaoutaka ili kulifunga kundi la mwisho.

Cha kuangalia ni kunakili na kubandika ndani ya orodha. Ubandikaji wa kawaida huja na umbizo lake, na kanuni yako huvunjika kuwa nyingi, kila moja na kipande chake cha eneo. Baada ya miezi michache unafungua Manage Rules unakuta kanuni 30 zinazofanana. Bandika thamani tu, kwa Paste Special > Values. Zikiwa zimeshavunjika, bakiza moja, rekebisha Applies to iwe eneo zima, ufute nyingine.

Nikitumia LibreOffice Calc?

Hapa una bahati. Calc haiweki umbizo ndani ya kanuni. Kanuni hutaja mtindo wa seli, na mtindo unaweza kuwa na mpaka wa unene wowote ambao Calc inauruhusu. Tengeneza mtindo mpya, uupe mpaka wa juu wa 2.25 pt, kisha nenda Format > Conditional > Condition, chagua Formula is, andika `$B2<>$B1` na uchague mtindo wako. Hakuna haja ya kugeuza kitu kichwa chini.

Na Google Sheets?

Umbizo la masharti la Google Sheets halina mipaka kabisa, iwe minene au myembamba. Linabadilisha rangi ya seli na sura ya maandishi tu. Ukihitaji mstari, andika skripti fupi kupitia Extensions > Apps Script:

```javascript
function mistari() {
  const s = SpreadsheetApp.getActiveSheet();
  const n = s.getLastRow();
  const v = s.getRange(1, 2, n, 1).getDisplayValues();
  s.getRange(2, 1, n - 1, 4)
    .setBorder(false, null, false, null, null, false);
  for (let i = 1; i < n; i++) {
    if (v[i][0] !== v[i - 1][0]) {
      s.getRange(i + 1, 1, 1, 4).setBorder(true, null, null, null,
        null, null, 'black', SpreadsheetApp.BorderStyle.SOLID_THICK);
    }
  }
}
```

Nimetumia `getDisplayValues` kwa makusudi. Ukitumia `getValues` na safuwima ya kundi ikawa ya tarehe, kila tarehe inakuja kama kitu chake peke yake, na ulinganisho utasema zote ni tofauti hata zinapokuwa siku moja. Utapata mstari mnene juu ya kila safumlalo.

Skripti hii huchora mara moja na kuacha. Ukipanga upya orodha, iendeshe tena: sehemu ya kwanza inafuta mistari ya zamani kabla ya kuchora mipya.